TAAROFU: ADABU YA WAAJEMI

Hapa Kilwa na Lindi, ukipita penye watu wanaokula utaambiwa, "Karibu!" Nawe hujibu, "Starehe," ukaendelea na safari yako. Hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja amemheshimu mwenziwe. Waajemi, ambao mji wao wa Shirazi watajwa katika habari za kale za Kilwa, wana desturi iliyo karibu na hiyo, waiitayo taarofu.

Tuseme mgeni amechukua mkate dukani huko Shirazi. Akiuliza bei, mwenye duka humjibu, "Ghabeli nadare," yaani, si kitu cha kulipiwa. Mgeni asiuchukue akaenda zake, maana ataonekana mwizi! Na ashukuru, aulize tena, hata mara ya tatu. Ndipo atatajiwa bei, naye alipe.

Nyumbani ni vivyo hivyo: chai hukataliwa mara ya kwanza na ya pili, kisha hupokewa. Mwaliko wa kweli hutambulikana kwa mambo mawili: hurudiwa hata baada ya kukataliwa, tena hutajwa siku na saa. Usemwao mlangoni wakati wa kuagana, bila siku, mara nyingi ni wa heshima tu. Mgeni ashukuru, aage.