Mama yupi?

Binti aliye kwenye mafunzo kwa vitendo katika ofisi ya ushirika amekabidhiwa rekodi ya kikao cha bodi, saa 2 nzima. Muhtasari uwe mezani kwa katibu asubuhi. Wajumbe wanadakizana, feni inavuma.

Anaanza kuandika kila neno. Saa 4 usiku bado yuko dakika ya 20. Anaacha. Anafungua ajenda, anasikiliza mfululizo, akiandika tu dakika ambayo mada inabadilika. Kisha anarudi kutafuta maazimio, maana muhtasari hauhitaji maneno yote ya mabishano.

Kwenye pampu ya maji anakwama. Zimetajwa milioni 3 na milioni 4, halafu mwenyekiti anasema, “Basi, tufuate la mama.” Mahudhurio yana kina mama wawili: mmoja alitaka ya milioni 3, mwingine alitaka kwanza ankara kifani tatu.

Kubahatisha hapa ni hatari, kwa kuwa fedha hulipwa kwa azimio lililoandikwa. Anaandika: “Azimio halisikiki wazi, dakika ya 74,” ili katibu amuulize mwenyekiti. Hata hivyo, hiyo bado ni rasimu mpaka kikao kijacho kiithibitishe.