Namba ya Oda Inayofichua Mauzo

Mteja ananunua viatu mtandaoni Jumatatu, anapewa oda namba 48210. Jumatatu inayofuata ananunua soksi, anapewa 49610. Papo hapo ameshajua kuwa duka lile hupokea oda 1,400 hivi kwa wiki. Mshindani naye anaweza kujua vivyo hivyo kwa kununua vitu viwili vya bei ndogo.

Hesabu za aina hii ziliwahi kutumika vitani. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wanatakwimu wa Washirika walichunguza namba za mfululizo kwenye vifaru vya Wajerumani vilivyotekwa, wakakadiria vilivyoundwa Agosti 1942 kuwa 327. Wapelelezi walikuwa wamesema 1,550. Kumbukumbu za Wajerumani, zilipopatikana baada ya vita, zilionyesha 342.

Kwa hiyo anayebuni jedwali la oda huvutiwa na UUID, kitambulisho cha baiti 16 ambacho katika toleo la 4 karibu chote ni cha kubahatisha. Hakuna awezaye kukisia kinachofuata. Gharama yake hujificha kwenye faharasa, ambayo hifadhidata huipanga kwa mfuatano. Namba za mfululizo huongezwa mwishoni, kwenye kurasa chache ambazo tayari ziko kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Vitambulisho vya kubahatisha huangukia popote. Faharasa ikiwa ndogo, hakuna atakayehisi kitu. Ikishaizidi kumbukumbu, karibu kila oda mpya hulazimisha ukurasa usomwe kutoka diski, na kurasa zilizojaa hupasuliwa mara kwa mara. Dalili ni uandikaji kuzidi kuwa mzito ilhali oda kwa saa hazijaongezeka.

UUID toleo la 7, lililowekwa rasmi mwaka 2024, huanza na muda kwa milisekunde, hivyo huandikwa kwa mpangilio. Hufichua oda ilipoanzishwa, lakini si idadi ya oda. Linafaa sana pale simu za wauzaji zinapotengeneza oda bila mtandao na kuzituma baadaye.

Kwa duka lenye hifadhidata moja, njia bora ni kutenganisha kazi hizi mbili. Katika PostgreSQL:

```sql
CREATE TABLE oda (
  id bigint GENERATED ALWAYS AS IDENTITY PRIMARY KEY,
  kodi_ya_mteja uuid NOT NULL UNIQUE
    DEFAULT gen_random_uuid()
);
```

Majedwali ya malipo na bidhaa hurejelea `id` ya baiti 8, na mteja huona `kodi_ya_mteja` tu. Safu hiyo ya pili nayo ina faharasa yake ya kubahatisha, lakini ni moja tu, haisambai kwenye kila jedwali. Na iwe `bigint`, si `integer`: ile ndogo huishia 2,147,483,647, na mwaka 2018 programu ya Basecamp ilikwama kwa saa kadhaa, watu wakisoma tu bila kuweza kuandika, baada ya jedwali moja kufika kikomo hicho.

Hata hivyo, kodi isiyokisika haitoshi kuwa ruhusa. Kiungo cha oda kikitumwa kwenye kundi la WhatsApp, seva bado inapaswa kuhakikisha kuwa anayekifungua ndiye mwenye oda kabla ya kumwonyesha anwani na namba ya simu.