Kweli au Uongo: Fundi Antonio na Jepeto Wakigombana kwa Kiswahili cha Mwanza

Carlo Collodi, mwandishi wa Florence, alianza kuchapa hadithi ya Pinokio mwaka 1881 katika gazeti la watoto, na mwaka 1883 ikatoka kama kitabu. Pinokio mwenyewe hajachongwa bado katika sura ya pili. Kuna wazee wawili, fundi seremala Antonio na rafiki yake Jepeto, na kuna gogo linalosema. Gogo linamwita Jepeto kwa jina la utani analolichukia, Jepeto anadhani ni Antonio aliyemwita, na wazee wanakamatana mashati. Ni kurasa chache tu, lakini mtu anayetaka kuyaleta mazungumzo ya Kiitaliano katika Kiswahili atakutana humo na karibu kila jambo ambalo watu hulisema kuhusu kazi hii bila kulipima. Nimechagua madai manne yanayorudi kila tafsiri inapojadiliwa hapa Mwanza.

"Ukishajua maana ya neno, kazi imekwisha." Uongo.

Jina analoitwa Jepeto ni Polendina. Polenta ni chakula cha unga wa mahindi kinachosongwa, mahindi yenyewe yakiwa ya njano. Jepeto anavaa wigi la njano, na watoto wa jirani, wakitaka kumpandisha hasira, humfananisha na chakula hicho. Mwishoni mwa neno kuna kipande kinachodogosha, kwa hiyo mzee anaitwa kitu kidogo, laini, cha sahanini.

Maana basi tunayo: polenta ni ugali. Sasa jaribu kumwita Jepeto "Ugali" mbele ya watoto wa Nyamagana. Ugali wanaoujua ni wa sembe, mweupe, au wa dona, au wa udaga. Hakuna wa njano kati ya hizo, na wigi limepotea. Isitoshe, ugali kwetu ni chakula cha heshima. Kumwita mtu Ugali peke yake hakumuudhi. Huenda akadhani unamsifu kwa kula vizuri.

Watu wazima watakumbuka kwamba unga wa njano tulikuwa nao. Miaka ya 1970 na 1980, nchi ilipopungukiwa chakula, uliingia unga wa mahindi ya njano kutoka nje, na watu wakauita yanga kwa sababu ya rangi ya timu. Neno hilo lina rangi, lina historia, na lina dharau kidogo, maana ulikuwa unga wa shida. Lakini leo ukilipigia kelele neno hilo popote Mwanza, msikilizaji anauona uwanja wa mpira. Jepeto anageuka shabiki, na anayemwita anageuka mtu wa Simba. Kichekesho kipo, ila si cha Collodi.

Ng'ambo ya ziwa, Bukoba, kuna matoke, ambayo yakiiva jikoni huwa ya njano na laini. Kwa rangi na ulaini yanafaa kuliko yote. Kwa watu hayafai kabisa: msomaji wa Mwanza akisikia "Matoke" ataelewa kwamba Jepeto ni Mhaya na kwamba anachekwa kwa kabila lake. Collodi hakuandika hivyo.

Mimi ningechagua Kiugali. Ki- ya mwanzo inadunisha kama kile kipande cha mwisho cha Kiitaliano kinavyodogosha. Neno lina silabi nne na mkazo uko kwenye ya tatu, sawa na Polendina, kwa hiyo sauti nyembamba kutoka ndani ya gogo inaweza kulirusha kwa pumzi moja. Na rangi? Hapo inafaa kusoma kitabu kwa utulivu kabla ya kuhangaika. Collodi mwenyewe anamweleza msomaji, kwa sauti ya msimulizi, kwa nini mzee aliitwa hivyo. Mfasiri anaiweka rangi mahali palepale: wigi lilifanana na ugali wa mahindi ya njano. Baada ya hapo jina halihitaji tena kubeba rangi, linabeba matusi tu. Angalia tu usilifupishe likawa Kigali, maana mzee atakuwa ameitwa mji mkuu wa Rwanda.

"Kiswahili hakina heshima za Kiitaliano, kina 'wewe' tu." Uongo.

Kiitaliano kina namna tatu za kumsemesha mtu mmoja: tu kwa wa karibu au wa chini yako, Lei kwa heshima ya leo, na voi, ambayo ilikuwa heshima ya kawaida zama za Collodi na bado inasikika kusini mwa Italia. Antonio na Jepeto wanaitana kwa voi. Jambo la kuzingatia ni kwamba mara nyingi hawaiachi hata wanapotukanana. Nusu ya kichekesho iko hapo: ngumi ziko tayari, ulimi bado una adabu.

Ni kweli kwamba Kiswahili sanifu hakina kiwakilishi cha kubeba tofauti hiyo. Lakini nenda Kirumba mwaloni asubuhi, dagaa wanapopimwa, usikilize watu wakivutana bei. Anayedhani amepunjwa haachi kusema "mzee wangu" au "mama". Kadiri hasira inavyopanda ndivyo cheo hicho kinavyorudiwa, mpaka kinakuwa silaha. Heshima yetu imekaa katika majina tunayoitana na katika namna ya kitenzi. "Lete" na "naomba uniletee" zimetengana kama tu na Lei.

Kwa hiyo wazee wetu wanapata vyeo. Antonio anaitwa maestro, na hapo Kiswahili kimebahatika, maana "Fundi" ni cheo kamili cha mtu wa kazi ya mikono, kinaheshimu bila kukweza. Jepeto anaitwa compare, neno linalotoka katika undugu wa ubatizo na kuishia kuwa wito wa wazee waliozoeana. "Ndugu Jepeto" inamtia kwenye mkutano wa chama. "Swahiba" ni ya pwani mno kwa wazee hawa, na inawafanya vijana. "Mzee mwenzangu" inakaa vizuri: umri uko humo, usawa uko humo. Kisha mfasiri ahakikishe vyeo hivi havidondoki katikati ya ugomvi. Mtu anayeanza sentensi kwa "Fundi" na kuimaliza kwa ngumi ndiye mtu wa Collodi. Ugomvi wa kwanza unaisha kila mmoja akiwa na wigi la mwenzake, wa pili unaisha kwa mikwaruzo puani na vifungo vilivyong'oka, na kila mara wanapeana mikono kama waungwana.

Kuna mtego mmoja ambao msomaji wa kwetu hatauona mpaka aonyeshwe. Ugomvi wa maneno kati ya wazee wawili unamvuta mfasiri aandike kwa lugha ya watani. Akifanya hivyo ameua tukio zima. Mtani haruhusiwi kukasirika. Akikasirika ndiye mwenye kosa. Jepeto lazima awe na haki ya kukasirika, na Antonio lazima awe hana hatia. Kwa hiyo epuka yale maneno ya mchezo ambayo watani hutupiana msibani na harusini.

"Ladha ya mkoa ni lafudhi." Uongo kwa sehemu kubwa.

Collodi aliandika Kiitaliano cha Toscana. Pinokio anamwita baba yake babbo, kama watoto wa Florence, si papà. Wapo watakaosema: basi wape wahusika lafudhi ya Kisukuma, wachanganye l na r, ladha imepatikana. Tumezoea lafudhi hiyo kwenye vichekesho vya redio na video, na kazi yake humo ni moja: kuonyesha mshamba. Toscana haikuwa ushamba kwa Mwitaliano. Ndiko lugha ya maandishi ilikotoka.

Mfano bora wa ladha ya mahali uko ng'ambo ya maji, Ukerewe. Aniceti Kitereza alikamilisha mwaka 1945 riwaya ndefu kwa Kikerewe, hakupata mchapishaji, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House waliitoa mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, na mwaka uliofuata mwandishi akafariki. Wahusika wake hawakosei herufi. Ukerewe unasikika katika urefu wa salamu, katika jinsi mkwe anavyokaribia jambo lake kwa kuzunguka, katika pombe inayotajwa kabla ya neno lenyewe kutajwa. Myombekere anapokwenda kumdai mkewe ukweni, mpangilio wa nani anasema kwanza na nani ananyamaza unamweleza msomaji yuko wapi kuliko lafudhi yoyote.

Nasema sehemu kubwa kwa sababu wako wahusika ambao kukosea ndiko walivyo. Andrea Camilleri, mzaliwa wa Porto Empedocle huko Sisilia, alianza mwaka 1994 riwaya za upelelezi za Inspekta Montalbano, na humo kuna askari Catarella, anayepokea simu na kuharibu kila jina analotajiwa. Kiitaliano chake ni lugha ya ofisi iliyochanganyika na Kisisilia, imevaliwa na mtu ambaye haimtoshi. Ukimpa lafudhi ya kabila, umelicheka kabila. Lakini Kiswahili kina lugha ya ofisi iliyojaa tele, ile ya taarifa za vituoni: "tajwa hapo juu", "kwa mujibu wa", "mnamo tarehe husika". Mpe Catarella maneno hayo ayapende kupita kiasi na ayaweke pasipo mahali pake, akitangaza kwamba "mke tajwa wa mtu husika amepiga simu kwa mujibu wake mwenyewe". Makosa yanakuwa yake peke yake. Andika kando orodha yake, ili kosa la ukurasa wa kumi liwe lilelile ukurasa wa mia mbili. Akikosea kila mara kwa namna mpya, msomaji anamsikia mfasiri, hamsikii askari.

"Kisichotafsirika kiwekewe maelezo chini ya ukurasa." Uongo kwa utani, kweli kwa mahali.

Kicheko kinachosubiri macho yashuke chini na kurudi juu hakipo tena. Kama utani umeshindikana katika sentensi hii, tafuta sentensi ya jirani ambamo mhusika huyohuyo anaweza kuchekesha kwa njia ileile, uulipe hapo. Wafasiri hufanya hivyo kila siku. Sharti ni moja, kwamba anayechekesha awe yuleyule na anayechekwa awe yuleyule.

Njia ya kujua kama imefanikiwa ni rahisi. Futa majina ya wasemaji, wape watu wawili wasome kwa sauti, na wa tatu ambaye hajaona kitabu aseme nani ni nani. Kwa Jepeto na Antonio msikilizaji anapaswa kumtambua anayeudhika na anayeshangaa kufikia jibu la tatu. Asipoweza, sauti mbili zimekuwa moja, na mara nyingi ni kwa sababu mfasiri amewapa wote wawili Kiswahili chake mwenyewe cha darasani.

Mahali ni jambo jingine. Kwamba polenta ni chakula cha kaskazini na kati ya Italia, kwamba Sisilia wana lugha yao, kwamba voi ilikuwa heshima: hayo yanatosha kurasa mbili za utangulizi, na mtoto anayetaka kucheka anaweza kuziruka.