Nina Pesa au Nadaiwa?

Mtu aliyefanya kazi Marsei miaka mingi kisha akarudi kuishi Mombasa huendelea kupata taarifa ya akaunti yake kila mwezi, kwa Kifaransa kitupu. Anapompelekea mfasiri, swali lake ni fupi: nina pesa au nadaiwa?

Tuchukue mfano wa taarifa ya Oktoba. Juu imeandikwa SOLDE CREDITEUR 112,40, yaani salio la euro 112 na senti 40. Wafaransa huweka mkato pale sisi tunapoweka nukta, na maelfu huyatenga kwa nafasi tupu, hivyo 1 240,50 yao ni 1,240.50 yetu. Tarehe 5 kuna PRLV ya bima, 48,00. Tarehe 12 kuna PRLV ya simu, 79,90. Mwisho wa mwezi: SOLDE DEBITEUR 15,50.

Mfasiri mwenye haraka ataandika "salio 15.50", na mteja atashukuru kwamba bado ana akiba kidogo. Kumbe hana kitu. Karatasi yenyewe mara nyingi haina alama ya kutoa. Kinachoonyesha deni ni lile neno DEBITEUR na safu ya DEBIT ambamo tarakimu imewekwa. Afadhali kuandika wazi "mteja anadaiwa na benki euro 15.50", kisha kupiga hesabu: toa 48.00 na 79.90 kwenye 112.40, uone kama unafika hapo.

PRLV ni kifupi cha prélèvement. Wengi huiita "makato", lakini kwa wateja wetu makato ni ada za benki. Hapa anayevuta pesa ni kampuni ya bima au ya simu, kwa idhini aliyopewa na mteja. Kwenye virement, mwenye akaunti ndiye huagiza pesa zitumwe. Tofauti hiyo ina faida yake: malipo yaliyovutwa kwa idhini, mteja anaweza kudai arudishiwe ndani ya wiki 8, na yasiyo na idhini ndani ya miezi 13. Aliyetuma mwenyewe hana haki hiyo ya wiki 8.

Kuna pia maandishi madogo ambayo mfasiri hushawishika kuyaruka. Akaunti ya mteja huyu haikuruhusiwa kwenda chini ya sifuri, kwa hiyo benki inatangaza COMMISSION D'INTERVENTION ya 8,00, ada ya kushughulikia malipo yaliyozidi kiwango. Ufaransa imeiwekea ada hiyo kikomo: euro 8 kwa kila malipo na 80 kwa mwezi. Tena benki inapaswa kumjulisha mteja bila malipo angalau siku 14 kabla ya kuikata. Kwa hiyo tafsiri itaje ada, sababu yake na tarehe itakapokatwa, ili aliyeko Mombasa awahi kutuma euro 23.50: zile 15.50 anazodaiwa na 8 zinazokuja.