Koo Linauma, Homa Nyuzi Ngapi?

Joto la Kyela hudanganya kiganja. Oktoba, mtoto aliyetoka kucheza juani Ipinda au ufukweni Matema huwa na paji la moto hata akiwa mzima. Koo likimuuma, mama humgusa, humpa parasetamoli, kisha ndiyo waende zahanati. Huko kipimo husoma nyuzi 37.2, na homa ya usiku kucha haionekani tena. Ndiyo maana napenda kipimo kitangulie dawa, na saa iandikwe.

Tuchukue mtoto wa miaka minne. Kipimajoto cha mdomoni hakimfai: koo linamuuma, hatulii, na chai ya moto aliyokunywa hupandisha namba. Kwapa ndilo jibu. Mpumzishe kivulini robo saa, futa jasho kwapani, ncha ya kipimajoto iguse ngozi katikati ya kwapa wala si nguo, kisha bana mkono wake kifuani. Cha kidijitali kitalia kikimaliza. Cha zebaki kinahitaji dakika tano, na kabla ya hapo kikung'utwe mpaka chini ya 35, kwa sababu zebaki haishuki yenyewe. Usipokikung'uta utasoma homa ya mgonjwa wa jana. Kikivunjika, zebaki ni sumu, kwa hiyo nyumbani nunua cha kidijitali. Kile cha kuelekeza kwenye paji ni chepesi, lakini jasho hushusha namba na jua huipandisha. Kikionyesha homa, hakikisha kwa kwapa.

Kwapani, 37.5 na kuendelea ni homa. Kuanzia 38.5 parasetamoli inafaa, kwa dozi ya uzito wake. Aspirini asipewe. Lakini Kyela ni nchi ya malaria, kwa hiyo mtoto huyu akisoma 37.9 tu, apelekwe siku hiyohiyo akapimwe damu. Mtoto mchanga wa chini ya miezi miwili mwenye 37.5, au aliyepoa chini ya 35.5, hasubiri kuche.

Namba ndogo isikutulize mtoto akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea, shingo ikikakamaa, au akitokwa udenda na kupumua kwa shida. Huyo mwenye udenda usimchungulie koo kwa kijiko. Njia ya hewa inaweza kuziba. Mkimbize hospitali akiwa amekaa. Wala kimeo kisikatwe: damu na maambukizi vimeua watoto.

Kipimo cha malaria kikitoka chanya, omba koo litazamwe vilevile. Mafindofindo yenye usaha, tezi za shingo zinazouma na homa bila kikohozi, hasa kuanzia miaka mitano, huashiria bakteria ambao wasipotibiwa wanaweza kuleta homa ya baridi yabisi, inayoharibu valvu za moyo. Dawa ya malaria haiwagusi. Hao wanahitaji penisilini au amoksilini, na vidonge humezwa siku zote 10 hata kama homa imeshuka siku ya tatu.