Hesabu Sahihi, Hitimisho Limepitiliza

Mwanafunzi kapewa swali. Kiwanda kinadai kwamba mashine yake hujaza pakiti za sukari kwa wastani wa gramu 1,000, na mkengeuko sanifu unajulikana kuwa gramu 24. Pakiti 36 zimepimwa, wastani wake ukawa gramu 994. Je, katika kiwango cha asilimia 5, kuna ushahidi kwamba wastani umebadilika?

Anakokotoa bila kosa:

```
z = (994 - 1000) / (24 / √36) = -6 / 4 = -1.5
```

Anaona -1.5 iko kati ya -1.96 na 1.96, anaamua kutolikataa dai. Kisha anamalizia: "Kwa hiyo imethibitika kwamba mashine hujaza wastani wa gramu 1,000."

Sentensi hiyo haifai, na pakiti zilezile zinatosha kuonyesha kwa nini. Tuseme mkaguzi alikuja na dai lake kwamba wastani ni gramu 990. Tofauti ni 4, tukigawa kwa 4 tunapata 1, nayo imo ndani ya mipaka. Dai la 990 nalo halikataliwi. Kama kutokataliwa kungekuwa kuthibitishwa, basi mashine moja ina wastani wa 1,000 na wa 990 kwa wakati mmoja! Kwa kweli, dai lolote kuanzia gramu 986.2 hadi 1,001.8 hivi lingepita. Sampuli hii haina nguvu ya kuyatenganisha.

Alichopaswa kuandika ni hiki: "Hakuna ushahidi wa kutosha, katika kiwango cha asilimia 5, kuonyesha kwamba wastani wa uzito wa pakiti umebadilika." Inataja pakiti, na haijipi uhakika.

Sasa, anyimwe alama ngapi? Miongozo ya usahihishaji ya mtihani wa hisabati wa Cambridge wa ngazi ya A hutenga alama ya hitimisho, na hudai liwe la muktadha wa swali na lisiwe la uhakika. Mwanafunzi wetu atapoteza hiyo tu. Za fomula, ukokotoaji na ulinganishaji ni zake. Naona ni haki. Mwalimu anayefuta swali zima kwa sababu ya neno "imethibitika" anaadhibu kazi ambayo haikukosewa, na anayempa alama zote anamwacha aamini kwamba kukosa ushahidi ni sawa na ushahidi.

Kosa zito zaidi ni la yule anayepata -1.5 kisha akaandika kwamba dai limekataliwa. Huyo hajateleza kwenye maneno. Hajui mipaka ile inamwambia nini. Kuna pia anayeandika "H0 haikukataliwa" akaishia hapo. Hajasema uongo, ila mwenye kiwanda akimuuliza habari za sukari yake, hajajibiwa.