Laini Ina Kasi, Kompyuta Ndiyo Imeelemewa

Msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu ukifika, steshenari nyingi za Dar es Salaam hujaa vijana wanaosubiri kujaziwa fomu. Chukua mfano wa steshenari moja inayolipia intaneti ya megabiti 20 kwa sekunde. Ukurasa wa maombi unachukua nusu dakika kufunguka na foleni inazidi kurefuka. Fundi wa mtandao anaitwa, anapima laini na kukuta megabiti 19. Laini ni nzima, ila ukurasa bado unasuasua.

Hesabu ndogo inaonyesha tatizo liko upande gani. Baiti moja ina biti 8, kwa hiyo megabiti 20 ni megabaiti 2.5 kwa sekunde. Hata ukurasa mzito wa megabaiti 5 ungepaswa kuingia kwa sekunde 2 au 3 hivi. Muda uliobaki unaliwa ndani ya kompyuta yenyewe.

Kinachosafiri kwenye laini si ukurasa uliokamilika. Ni maandishi, picha zilizobanwa na programu ndogondogo za kuendesha menyu, matangazo na video. Kivinjari hulazimika kufungua picha hizo, kusoma programu na kuziendesha, kisha kupanga kila kitu kwenye skrini. Kazi hiyo ni ya prosesa. Ndiyo maana ukurasa uleule hufunguka haraka kwenye kompyuta mpya na kujikokota kwenye ya zamani, ingawa zote mbili zinatumia waifai moja.

Turudi steshenari. Kompyuta yao ina kumbukumbu ya gigabaiti 4, ile ambayo mafundi huiita ramu. Windows yenyewe huchukua sehemu kubwa ya nafasi hiyo. Kwenye Chrome kuna vichupo zaidi ya 20: barua pepe za wateja wa jana, magazeti, video iliyosimamishwa, fomu zilizokwisha kutumwa. Kichupo kisichotazamwa nacho kinaweza kuendelea kushikilia nafasi yake, na tangazo lililomo likaendelea kufanya kazi.

Kumbukumbu inapojaa, Windows huhamishia sehemu ya kazi kwenye diski, kisha huirudisha inapohitajika. Ni kama fundi cherehani ambaye meza imemjaa, kila kitambaa anakifuata stoo. Kama diski ni ya zamani, ile inayozunguka, kila safari ni ndefu. Hapo hata kubofya au kuandika jina kunachelewa, na hiyo ndiyo dalili kubwa: laini mbovu haizuii herufi kutokea unapoandika.

Kuthibitisha, bonyeza Ctrl+Shift+Esc. Kama "Memory" inakaribia asilimia 100 na "Disk" nayo iko juu muda wote, mkosaji umempata. Kisha, ukiwa ndani ya Chrome, bonyeza Shift+Esc. Itatokea orodha ya vichupo na kumbukumbu ambayo kila kimoja kinatumia. Gazeti moja lenye matangazo mengi linaweza kuchukua mamia ya megabaiti. Funga vile vinavyoongoza, na ukurasa unaotaka kuurudia uhifadhi kwanza kwenye alamisho. Kwenye mipangilio, sehemu ya "Performance", washa pia "Memory Saver", ambayo hulaza vichupo visivyotumika.

Kashe nayo hulaumiwa sana, mara nyingi bila kosa. Ni ghala la picha na programu za kurasa ulizokwisha kutembelea, lililowekwa ili zisipakuliwe upya. Chrome huliwekea kikomo na kufuta vya zamani chenyewe. Anayefuta kashe kila asubuhi anaifanya kila tovuti ianze kupakua upya, na bando linateketea. Kashe huwa tatizo pale diski inapokaribia kujaa, au faili lililohifadhiwa linapoharibika au kupitwa na wakati. Katika hali hii ya pili, kwa kawaida ni tovuti moja tu inayosumbua huku nyingine zikienda vizuri. Ifungue kwa dirisha la faragha, Ctrl+Shift+N. Ikienda vizuri humo, bonyeza Ctrl+Shift+Delete, weka alama kwenye "Cached images and files" na uache "Cookies", usije ukatolewa kwenye akaunti zako. Isipobadilika, huenda mzizi wa tatizo ni kiendelezi kilichoongezwa kwenye kivinjari.

Kipimo cha mwisho ni simu. Iunganishe na waifai ileile, zima data, ufungue ukurasa uleule. Simu nayo ikikwama, kasoro iko kwenye waifai, kwenye laini au kwenye tovuti yenyewe. Hapo ndipo pa kumpigia mtoa huduma. Simu ikifungua haraka, kununua kifurushi kikubwa zaidi hakutasaidia. Kwa steshenari yetu, pesa hiyo ingefaa zaidi kuongeza kumbukumbu hadi gigabaiti 8.